Friji la kukodi: lilitoka kwangu linagandisha, likafika kwao "limekufa"

Nilitaka kuwapa nyota tatu, maana muda wote wa kukodi friji halikunisumbua na kodi ya mwezi si mbaya. Shida ni siku ya kulirudisha.

Wanakuagiza ulizime siku moja kabla, barafu iyeyuke, ulikaushe. Ni sawa, maji yakibaki yatamwagika njiani. Lakini wakifika wanalikuta limezimwa, kwa hiyo ukaguzi ni wa macho tu: mikwaruzo, mpira wa mlango, vioo vya ndani, droo la mboga. Kwenye mstari wa "linafanya kazi?" kijana akaandika "litapimwa stoo". Nikasaini. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Kisha wakalilaza kwenye kirikuu kama gunia la mkaa. Friji likilazwa, oili ya kompresa hutoka mahali pake ikaingia kwenye mabomba. Likishasimamishwa lisubiri saa kadhaa, na kama limelala muda mrefu ni heri kuwasha kesho yake. Ukiwasha papo hapo, kompresa inaweza kuzunguka bila oili ya kutosha, au oili ikaziba kibomba chembamba cha gesi: linanguruma, baridi hakuna. Walilibeba saa nne asubuhi. Ujumbe wa "kompresa imekufa" uliingia kabla ya saa saba mchana. Hata friji zima huwa halijapoa vizuri kwa muda huo!

Hesabu yao: dipoziti 100,000. Toa usafiri 20,000, huo umo kwenye mkataba, sibishi. Toa usafi 10,000. Toa kompresa 150,000. Yaani nidaiwe mimi 80,000.

Kilichoniokoa ni video ya usiku wa kabla ya kulizima: barafu kwenye friza, kisha bila kukata, kibandiko cha namba ya seriali. Nikawataka walisimamishe, waliache limesimama hivyo hivyo usiku kucha, wawashe kesho. Likagandisha. Kompresa ikafutwa, nikarudishiwa 70,000. Samahani hakuna, "tumerekebisha", basi. Mmerekebisha nini, friji au kichwa cha aliyeliwasha?

Ukitaka kurudisha la kwako, lichomeke mbele yao kabla halijaguswa, likiwa limesimama. Dakika ishirini zinatosha: kompresa inanguruma taratibu, mabomba meusi ya nyuma (mengine yamefichwa ubavuni) yanaanza kupata joto, ukuta wa friza unauma kidole. Hiyo haithibitishi kwamba litafika baridi kamili, ila inathibitisha kwamba kompresa haikufia kwako. Aandike "linapoza", ndipo usaini. Akisema ana haraka, friji libaki ndani na yeye arudi akiwa na nafasi.

Ile 10,000 ya usafi hawajarudisha hadi leo, na friji nililikausha kwa kitambaa hadi kwenye mikunjo ya mpira. Nyota tatu nimefuta. Moja, na hiyo ni ya friji.