Miezi mitatu na programu ya kufupisha vikao: kati ya maazimio tisa, yaliyosimama ni manne

Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi katika shule moja ya msingi mkoani Morogoro, na kwa muda wa miezi mitatu nimekuwa nikilipia programu inayopokea sauti ya kikao, kuigeuza kuwa maandishi, kisha kuyafupisha katika jedwali lenye nguzo tatu: uamuzi, mhusika na tarehe ya mwisho. Sitaitaja jina, kwa kuwa nilizijaribu nyingine mbili kabla yake na zote zilikuwa na kasoro ileile. Zamani muhtasari wa kikao cha saa mbili ulinila jioni nzima. Sasa natumia kama saa moja na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo si ya kuandika bali ya kukagua.

Nitaeleza kikao kimoja, cha Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, ambacho kilihusu ujenzi wa matundu sita ya vyoo. Programu ilitoa maazimio tisa, yamepangwa vizuri, lugha safi kuliko yangu. Ningeweza kuyachapisha na kumpelekea mwenyekiti asaini. Azimio la nne lilisomeka hivi: kamati imeamua kununua tangi la maji la lita 2,000, mhusika ni mtunza hazina, tarehe ya mwisho ni 30 Juni. Nilishtuka, kwa sababu nilikuwepo kikaoni na sikukumbuka uamuzi wa namna hiyo.

Nilirudi kwenye maandishi nikatafuta neno "tangi", sikulipata. Nikatafuta "simtanki", nikalikuta mara moja tu, pale mjumbe mmoja aliposema: "Tungekuwa na hela, tungenunua na simtanki la lita elfu mbili." Watu walicheka, ajenda ikaendelea. Silabi "nge", ambayo kwa msikilizaji yeyote wa Kiswahili inatosha kuonyesha kwamba hela haipo na tangi halinunuliwi, ilikuwa imetupwa njiani. Mtunza hazina hakutajwa kabisa katika sentensi hiyo. Nadhani aliwekwa kwa kuwa manunuzi mengine yote ya siku hiyo yalikuwa yake. Tarehe 30 Juni ilitamkwa kweli, lakini katika ajenda nyingine, tulipozungumzia taarifa ya mapato na matumizi inayotakiwa kufika halmashauri kabla mwaka wa fedha wa serikali haujafungwa. Kwa hiyo kila kipande kilikuwa na asili yake ndani ya kikao, ila viliunganishwa kikazaliwa kitu ambacho hakuna aliyekisema. Uzushi wa aina hii ni mgumu kuugundua kuliko uongo mtupu, maana msomaji anakutana na maneno anayoyafahamu.

Tangu siku hiyo nimeongeza nguzo mbili katika jedwali: mnukuu na dakika. Kila azimio lazima liwe na maneno yaleyale yaliyotamkwa, yamenakiliwa bila kusahihishwa sarufi, pamoja na dakika yalipotamkwa. Kisha nafungua maandishi kamili, nabonyeza Ctrl+F, nabandika maneno manne au matano ya mnukuu huo. Yasipopatikana, azimio linatoka hadi nitakaposikiliza sauti yenyewe. Yakipatikana, nasoma mistari kumi juu yake na kumi chini yake, na hapo ndipo kazi ilipo, kwa kuwa mnukuu wa kweli unaweza kubeba azimio lisilo la kweli.

Mfano ni wa malipo ya fundi. Programu iliandika kwamba fundi atalipwa kila wiki, na mnukuu ulikuwepo, dakika ya 38: "Basi, tumekubaliana alipwe kwa wiki." Ctrl+F iliupitisha bila shaka yoyote. Lakini dakika ya 81, baada ya mtunza hazina kueleza hali ya akaunti, mwenyekiti alifungua tena suala hilo na tukakubaliana alipwe kwa hatua, yaani msingi, kuta na kuezeka. Safari hii hakuna aliyesema "tumekubaliana". Mwenyekiti alisema tu, "Haya, iwe kwa hatua," wakaitikia. Kwa hiyo baada ya kukagua jedwali dhidi ya maandishi, sasa nafanya pia safari ya kurudi: nasoma maandishi tangu mwisho wa kikao nikielekea mwanzo, nikitafuta "haya", "basi iwe", "nitaleta", "kufikia", na kuuliza kila ninapolikuta neno kama hilo kama limo kwenye jedwali. Kusoma kinyumenyume kuna faida moja: uamuzi wa mwisho unakutana nao kwanza, na ule uliobatilishwa hauwezi kukudanganya.

Kwa upande wa wahusika, lugha yetu yenyewe inaitega mashine. "Atafuatilia kwa mtendaji wa kata" ni sentensi kamili isiyosema ni nani, mwanamume wala mwanamke. Programu ilimpa kazi hiyo mwalimu mkuu kwa sababu jina lake ndilo lililotangulia kutajwa. Niliposikiliza sauti, nilikumbuka kwamba mwenyekiti alikuwa amemnyooshea kidole mjumbe wa wazazi anayeishi karibu na ofisi ya kata, naye akaitikia kwa kichwa. Kidole hakirekodiwi, na kichwa vilevile. Kama nisingekuwepo, ningeandika "hakutajwa" katika nguzo ya mhusika na kumwuliza mwenyekiti. Programu yenyewe haina desturi ya kuacha nafasi wazi. Ikiona kisanduku, inakijaza, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa kwa watengenezaji wake.

Makosa mawili yaliyobaki yalikuwa ya tarakimu. Kikao kijacho kilipangwa "saa nne", na jedwali likasema 4:00 jioni, wakati sote tulimaanisha saa nne asubuhi kama kawaida yetu. Gharama ya lori za mchanga ilitamkwa "laki mbili na hamsini", ikaandikwa shilingi 200,050. Sasa kila saa na kila kiasi cha fedha nakisikiliza kwenye sauti, sikiamini kwenye maandishi.

Labda mtu atasema nahangaika kwa kamati ndogo ya vyoo. Anayeandika mihtasari anajua kwamba katika kikao kinachofuata, baada ya kuthibitisha akidi, tunasoma muhtasari uliopita na kuingia kwenye yatokanayo. Azimio la tangi lingepita, mtunza hazina angeulizwa mbele ya wajumbe kwa nini hajanunua, na ingekuwa neno lake dhidi ya karatasi iliyosainiwa. Ndiyo maana kabla ya kusaini, namtumia kila mhusika mstari wake peke yake kwa simu, pamoja na mnukuu na dakika, nikimwomba ajibu ndani ya siku mbili. Mwezi uliopita mjumbe mmoja alinijibu kwamba alisema "nitajaribu", si "nitaleta". Nilisikiliza, nikakuta yuko sahihi, na mstari ukabadilika.

Nitaendelea kulipia, kwa kuwa maandishi kamili yenye dakika ni msaada ambao daftari langu halikuwahi kunipa, hata jedwali lenyewe linapokosea. Nimeacha kuitumia kwenye vikao vya aina mbili tu: vile vya nidhamu, ambavyo sauti yake haipaswi kutoka nje ya chumba, na vile vinavyofanyikia chini ya mwembe, ambako upepo na watoto hufanya wajumbe watatu waandikwe kama mzungumzaji mmoja, na hapo hakuna ukaguzi utakaonionyesha nani aliahidi nini.