Kona iliyochanika: kunakili jirani au kugeuza kona ya pili?

Picha ya bibi ya studio, nyeusi na nyeupe, imeskaniwa kwa 600 dpi. Kona ya juu kushoto haipo. Imeondoka na kipande cha pazia na ukingo mweupe.

Njia ya kwanza ya kuijaza, kwa zana ya Clone ya GIMP, programu ya kuhariri picha, hunakili pazia lililo jirani. Chembechembe zinalingana, mwanga pia. Lakini badilisha chanzo mara kwa mara, la sivyo doa moja litajirudia kama muhuri. Kwenye ukingo ulionyooka, mkono hutetereka na mstari hupinda.

Njia ya pili ni kunakili kona ya kulia kwenye leya mpya, kuigeuza kwa Flip, na kuisogeza mahali pake. Ukingo unakaa vizuri ajabu. Pazia ndilo linalokataa: taa ilikuwa kushoto, kwa hiyo kona ya kulia ina giza, na giza hilo sasa limehamia upande wa mwanga. Curves, zana ya kurekebisha mwanga na giza, hupunguza tofauti, ila mikunjo ya kitambaa bado inaonekana pacha.

Kwa picha hii nimegeuza ukingo tu, pazia nikalinakili kutoka jirani. Nikiipunguza hadi ukubwa wa kiganja, kiungo hakionekani.