Hotuba ya kufungua duka upya ilinifurahisha, ndoo ya pili ikanivuruga

Mimi ni fundi rangi, nafanya kazi zaidi upande wa Tabata, Segerea na Kinyerezi. Duka ninaloandika habari zake ni la vifaa vya ujenzi. Nimenunua pale tangu likiwa kontena moja, mzigo wa mbao nje na mwavuli juu ya mizani ya misumari. Jina silitaji. Wenye maeneo yale watalijua, maana lilifungwa kwa ukarabati muda mrefu, likafunguliwa tena kabla ya mvua za masika.

Nianze na hotuba ya bosi, kwa sababu ndiyo iliyonirudisha pale. Nimesikia hotuba nyingi za kukata utepe, na karibu zote mwenye duka anamshukuru Mungu, anamshukuru diwani, wateja wanapewa soda. Huyu mzee alifanya tofauti. Baada ya dua alishika kipaza sauti, na kabla ya kutaja vioo na vigae vipya akaanza na madeni yake. Alisema wapo watu waliolipia saruji na nondo kabla duka halijafungwa na hawakuwahi kuchukua mzigo. Daftari la zamani lipo, kila mwenye risiti aje apewe mzigo wake, na kama bei imepanda tofauti anaibeba yeye. Nilimpigia makofi kwa moyo wote. Jirani yangu mmoja alikuwa na mifuko ya saruji pale na tayari alishaihesabu kuwa imepotea. Alikwenda wiki ileile, akapewa yote bila maneno.

Halafu alitushukuru sisi mafundi. Hakusema "wateja wetu wapendwa" akapita. Alisema wazi kwamba mwenye nyumba huja dukani mara moja tu, lakini fundi ndiye anayemleta, na fundi akiharibikiwa na kazi, duka limeharibikiwa. Naomba msomaji alikumbuke neno hilo, nitalirudia.

Kisha zikaja huduma mpya. Kirikuu cha kupeleka mzigo bure kwa wa karibu, malipo kwa simu, na daftari la mafundi la kuchukua mali kauli kwa anayeaminika. Kubwa kuliko zote ikawa mashine ya kuchanganya rangi. Hapo mzee alipandisha sauti: "Leteni chochote, hata jani la mwembe, tutawatolea rangi ileile!" Watu wakashangilia.

Mimi sikushangilia sana, kwa sababu mashine hizo nazijua. Kifaa cha kusoma rangi kinataka kipande bapa, kikavu, kisafi, chenye rangi moja. Jani lina mishipa na mng'ao, na hata likisomeka, rangi ya kopo inaweza kufanana nalo juani ikaachana nalo chini ya taa. Ahadi ya jani ilizidi uwezo wa mashine. Lakini nilisema moyoni, ni furaha ya siku ya ufunguzi, mzee anafanya kazi nzuri, tumwache.

Sasa nieleze kilichotokea.

Nilikuwa na kazi kwa mama mmoja Segerea, sebule na korido kwanza, vyumba baadaye. Alitaka rangi ileile ya ukuta wake wa zamani, ile iliyokuwa nyuma ya kabati ambako jua halikuwahi kuipausha. Nilibandua kipande cha skimu ukubwa wa kiganja, nikakifuta vumbi, nikakipeleka. Kijana wa mashine, mwenye fulana mpya ya duka, alikisoma, kompyuta ikatoa fomula, karatasi ikabandikwa kwenye mfuniko. Ndoo ya lita 20 ikatikiswa. Nikapaka pembeni, nikasubiri ikauke, nikalinganisha mchana karibu na dirisha. Ilikubali kabisa. Nilimpigia bosi simu kumpongeza, na nilimaanisha.

Hesabu ya ndoo ile ilikuwa rahisi. Lita moja ya rangi ya maji kwenye skimu laini inachukua kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Sebule na korido zilikaribia mita 100, mikono miwili, ndoo ikaisha pale nilipotarajia. Mama analipa kwa awamu kama wengi wetu tunavyojenga, kwa hiyo ndoo ya vyumba ilinunuliwa baadaye. Laiti fedha ingekuwepo yote, ningenunua ndoo zote siku moja na kuzimimina pamoja kwenye pipa nikaikoroga rangi iwe moja, hivyo ndivyo tunavyoepuka tofauti. Lakini fedha ikija kwa awamu, fundi anategemea fomula iliyobandikwa kwenye mfuniko. Ndiyo kazi ya karatasi ile.

Nilirudi na mfuniko wa ndoo ya kwanza mkononi. Kijana yuleyule akaingiza namba, mashine ikadondosha rangi za kukolezea, ndoo ikatikiswa. Nilipofika kazini na kuifungua niliona imekoza. Rangi ya maji ikiwa mbichi hailingani na ikiwa kavu, kwa hiyo sikukurupuka. Nilipaka kipande cha boksi mikono miwili, nikakianika kikakauka vizuri, nikakishika ukutani karibu na mlango wa chumba. Mtu asiye fundi angeiona tofauti ile. Ukutani ilikuwa rangi ya maziwa yenye chai kidogo, kwenye boksi ilikuwa chai yenyewe.

Nikaweka mifuniko miwili pamoja, nikasoma. Rangi za kukolezea zilikuwa zilezile, mililita zilezile. Kilichotofautiana ni mstari mmoja mdogo wa juu, wa besi. Ndoo ya kwanza ilitengenezwa kwenye besi nyeupe, ya pili kwenye besi ya kati.

Kwa asiyejua, besi ni ile rangi tupu inayokuja kiwandani kabla ya kukolezwa. Besi nyeupe imejaa unga mweupe wa titani, kwa hiyo rangi ya kukolezea ikiingia inafifishwa. Besi ya kati ina unga huo kidogo, na besi ya rangi kali karibu haina kabisa. Ukidondosha mililita zilezile kwenye besi yenye unga kidogo, rangi inatoka imekoza. Mashine haina kosa hapo, imefanya ilichoambiwa. Aliyechukua ndoo rafuni hakusoma upande wa ndoo. Kosa la kawaida, linatokea, na dakika moja inatosha kuligundua ukiwa tayari kusoma.

Nilirudi dukani na ndoo, mifuniko miwili, boksi na risiti. Mama mwenye nyumba alikuja pamoja nami, alitaka kuona mwenyewe.

Kijana hakuinua macho. "Fundi, mashine haikosei. Angalia ukuta wako kwanza." Nikamwambia sijasema mashine, soma mstari wa besi. "Rangi ikishachanganywa hairudishwi. Na umeshaifungua." Nikamuuliza, ningeijuaje bila kuifungua? Akamgeukia mama, akamwambia mbele yangu: "Mama, mafundi wengine wanaongeza maji halafu wanatusingizia sisi."

Hapo ndipo damu ilinichemka, na bado haijapoa ninavyoandika. Maji yanapunguza uzito wa rangi, hayaikolezi. Kijana anayesimamia mashine ya rangi anapaswa kulijua hilo kabla ya kujua bei. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba alinichafua kwa mteja wangu, kwenye duka ambalo mwenye nalo alisema fundi akiharibikiwa na kazi, duka limeharibikiwa.

Sheria ya kutorudisha rangi iliyochanganywa naielewa, maduka mengi wanayo, maana rangi ya mtu mmoja haiuziki kwa mwingine. Lakini inahusu mteja aliyebadili mawazo, haihusu duka lililokosea besi. Na haikutajwa kwenye hotuba hata kidogo. Mzee alipata muda wa kutaja jani la mwembe, huo wa kusema "tukikosea sisi, tunabadilisha" hakuupata.

Nilimwomba bosi. Zamani ungemkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Sasa yuko nyuma ya kioo. Alikuja baada ya kuitwa mara kadhaa, akasoma mifuniko, akakaa kimya, nikajua ameelewa. Akasema, "Fundi wangu wa siku nyingi, tutalimaliza." Akapokea simu, akaondoka.

Walivyotaka kulimaliza ni kumiminia rangi nyeupe kwenye ndoo ileile. Nilikataa. Ndoo tayari imejaa, ungepunguza nusu na kubahatisha, na rangi utakayoipata haina fomula, ikiisha hutaipata tena duniani. Mwisho wakatoa ndoo mpya yenye besi sahihi, ikakubali vizuri ukutani, lakini wakanitoza nusu ya bei. Nusu! Nililipa mwenyewe kutoka kwenye ufundi wangu ili kazi ya mama isisimame.

Nilitaka kuandika kwamba duka ni zuri ila kuna kijana wa kurekebishwa. Nikifika hapa kwenye ile nusu, siwezi. Bosi alisoma mifuniko kwa macho yake. Alijua.

Lakini pia siwezi kufuta habari ya saruji ya jirani yangu, maana ni kweli, na wengi wasingefanya hivyo. Saruji, nondo, misumari na mabomba nitaendelea kuchukua pale, mizani yao ni ya haki na kirikuu kinafika kwa wakati. Rangi ya kuchanganya, hapana. Mwenye kwenda kwa rangi asome mstari wa besi na fomula kabla ya kulipa, aombe wapake tone kwenye mfuniko likauke, kisha atoke nalo nje kwenye mwanga wa jua, kwa sababu dukani sasa kuna taa nyeupe tupu na mwanga wa barabarani umezibwa na vioo. Mfuniko autunze hadi nyumba yote iishe.

Na bosi, kama utasoma hapa, ile nusu ninaidai, na yule kijana amwombe radhi mama wa Segerea, maana aliambiwa uongo juu ya kazi yangu na bado ananiuliza kuhusu maji.