Tarehe zinazong'ang'ania kushoto kwenye Excel: hiki kitufe nakipenda!

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo sina muda wa kueleza Excel ni nini, mnaijua. Nimekuja na hasira na furaha kwa pamoja. Hasira ni kwa tarehe zinazokataa kuwa tarehe. Furaha ni kwa `Text to Columns`, kitufe ambacho wengi mnakitumia kutenganisha majina tu.

Tazameni hapa. Hii ni orodha ya michango ya kikoba chetu, elfu ishirini kila mmoja. Seli ya A2 inasema 25/03/2024, lakini imeegemea kushoto. Excel huegemeza maandishi kushoto na namba kulia, na tarehe ya kweli kwake ni namba. Sasa nabadilisha fomati iwe `General`. Ingekuwa tarehe, tungeona 45376, yaani hesabu ya siku ambayo 1 ni Januari 1, 1900. Mnaona? Haijatikisika. Kwa hiyo msihangaike kwenda `Format Cells` kuchagua `Date`, fomati inabadilisha sura ya namba na hapa namba hakuna.

Haya, kitufe chenyewe. Nachagua safu nzima, naingia `Data`, kisha `Text to Columns`. `Next`, halafu kwenye hatua ya pili naondoa alama zote za vitenganishi, `Next` tena. Hatua ya tatu ndiyo yenye utamu: nachagua `Date`, na pembeni yake `DMY`. Sikilizeni hapa, maana watu wengi wananiandikia wakikosea papa hapa: ile `DMY` haiulizi unataka tarehe ionekaneje. Inauliza maandishi uliyonayo sasa hivi yameandikwaje. Yetu ni siku, mwezi, mwaka, basi `DMY`, hata kama kompyuta yako imewekwa kimarekani. `Finish`. Oneni zinavyohamia kulia! Kila nikiliona hili nafurahi upya.

Zikikaa palepale, kuna kitu kimejificha ndani. Pimeni kwa `=LEN(A2)`. 25/03/2024 ina herufi 10, ukipata 11 mara nyingi ni ile nafasi isiyovunjika inayokuja ukinakili kutoka mtandaoni, na `TRIM` haiigusi. Kwenye safu ya pembeni andikeni:

```
=SUBSTITUTE(A2,CHAR(160),"")
```

Nakilini matokeo, mbandike kama `Values`, kisha mrudi kwenye kitufe changu.

Wenye LibreOffice Calc msinune, ni ya bure na ukifungua CSV inakuuliza aina ya kila safu kabla ya kuipokea. Hapo naipenda kuliko Excel yenyewe ya kulipia.

Kwa nini? Kwa sababu ya hili la mwisho, na ndilo lililonikera wiki nzima. Faili langu la kwanza la kikoba nililifungua kwa kulibofya mara mbili, kwenye laptopu ya mtumba ambayo bado ilikuwa na mpangilio wa Marekani. Zile za kushoto zote zilianza na 13 kwenda juu. Za kulia zote zilianza na 12 kushuka chini. Mmeona mchezo? Hakuna mwezi wa 25, kwa hiyo 25/03/2024 ikabaki maandishi. Lakini 05/04/2024, mchango wa tarehe tano Aprili, Excel ikausoma Mei nne, ikauegemeza kulia vizuri kabisa. Nilipochuja Aprili, mama mmoja akaonekana hajachangia. Nilikuwa karibu kumpigia simu kumdai pesa aliyokwisha kuitoa!

Kwa hiyo mkiona safu imechanganyika, kushoto na kulia, za kulia ndizo za kuogopa. Msizirekebishe za kushoto peke yake. Rudini kwenye faili la asili, badilisheni jina kutoka `.csv` kuwa `.txt`, mlifungue kupitia `File`, `Open` ndani ya Excel. Litakuja dirisha la hatua tatu. Ya kwanza `Delimited`, ya pili `Comma`, ya tatu bofyeni safu ya tarehe na mchague `Date: DMY`, kisha `Finish`. Zote zitaingia sawa kwa mara moja.

Mimi kikoba chetu nimekipakia upya hivyo, na mchango wa yule mama upo Aprili 5 unakotakiwa kuwa. Ijumaa tunaendelea na `Power Query`, nimewaahidi muda mrefu. Bado yako inakaa kushoto? Niandikie hapo chini ulichopata kwenye `LEN`.