Nilipeleka picha ya bibi iondolewe chenga, nikarudishiwa sanamu la nta

Nyota moja, na hiyo moja nitaieleza chini.

Picha yenyewe niliipiga kwa simu, umeme umekatika, bibi amekaa barazani na kandili pembeni yake. Ilijaa chenga, hilo sikatai. Nikaipeleka studio moja mjini, nikalipa elfu kumi. Nilichorudishiwa siyo bibi yangu. Makunyanzi ya pembeni mwa macho hayapo. Kovu la ndui shavuni halipo. Nyusi zimekuwa msitari mmoja kama zimepakwa masizi, na ngozi inang'aa kama mshumaa. Nikauliza. Fundi hata kichwa hakuinua: "Dada, ulitaka chenga zitoke, zimetoka. Simu yako mbovu."

Nililia njiani.

Usiku ule nikakaa na picha ya mwanzo kwenye Lightroom ya simu, programu ya kuhariri picha, sehemu ya Detail. Nikaikuza mpaka nikaona chenga zenyewe, na kumbe ziko za aina mbili. Kuna madoa ya rangi, mekundu na ya kijani, yaliyotapakaa kwenye kivuli cha kanga. Hayo yanafutwa na kitelezi cha Color Noise Reduction. Nilikipandisha hadi 40, yakafutika na uso haukuguswa, kwa sababu makunyanzi ni mwanga na kivuli, siyo rangi. Aina ya pili ni punje za weusi na weupe, na hapo ndipo fundi alipoharibu. Punje hizo zinalingana kwa ukubwa na vinyweleo vya ngozi, kwa hiyo mtambo hauwezi kuzitenganisha. Ukifuta zote, umefuta na ngozi. Kitelezi cha Noise Reduction, kinachofuta punje hizo, nilikiishia 15. Nilipojaribu 60 tu, nyusi zilianza kuungana, nikarudi nyuma haraka. Ukitaka kujua umezidisha, tazama nyusi na pale nywele zinapoanzia kwenye paji la uso. Hapo ndipo nta huanzia.

Chenga zilibaki, ndiyo. Lakini nilipochapisha picha ya inchi 4 kwa 6, hazikuonekana. Ukiipunguza picha, punje nyingi zinachanganywa kuwa moja na chenga zinafifia zenyewe.

Sasa hiyo nyota. Baadaye niligundua kamera ya simu yangu ilikuwa na kile kitu cha kulainisha uso, kimewashwa tangu nilipoinunua. Yaani shavu la bibi lilikuwa limekwisha kulainishwa kidogo kabla fundi hajaligusa, na kilichofutwa pale hakirudi kwa namna yoyote. Kwa hiyo kuhusu simu alikuwa na ukweli wake, na nilitaka kumpa nyota mbili.

Lakini kovu lilikuwamo kwenye picha niliyompa. Ninalo hapa, naliona. Yeye ndiye aliyelifuta, na hakuniuliza huyu mama ni nani. Nyota inabaki moja.