Jaketi okozi la mvuvi wa dagaa: lipi linunuliwe kwanza

Tajiri wa mtumbwi anayewanunulia jaketi okozi wavuvi wake wanne wa dagaa pale Mwanza atakuta dukani majaketi yote yana rangi ya chungwa na yanafanana, ila bei zinapishana vibaya. Asianze na bei. Afungue jaketi, atafute lebo ya ndani na asome namba yenye herufi N: 50N, 100N au 150N. Hizo ni nyutoni, kipimo cha nguvu ya kuelea, na kila 10 huinua takriban kilo moja. Jaketi lisilo na namba hiyo lirudi kwenye kamba yake.

Mtu mzima akiwa majini huwa mwepesi, kilo nne au tano hivi, kwa hiyo hata 50N itamshikilia. Shida ni kichwa. Aliyegongwa na boriti ya mtumbwi akazimia akiwa na 50N anaweza kubaki kifudifudi, pua majini, huku jaketi likielea vizuri kabisa.

Ndiyo maana namba moja kwangu ni la sponji la 100N, lenye kola nyuma ya shingo na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Sponji yake huelea bila mtungi wala kifaa cha kuharibika, na kola husaidia kumlaza mtu chali. Mkanda wa miguuni wengi huukata kwa sababu unakera, na hapo jaketi hupanda hadi masikioni mwenyewe akibaki chini. Kabla ya kulipa, mvalishe mtu, funga kila kifungio, kisha mshike mabegani uvute juu kwa nguvu. Likifika kidevuni, chukua saizi ndogo zaidi. Angalia pia kama lina kishikio imara nyuma ya shingo, nitakirudia.

La pili ni la kujazwa gesi, 150N. Ni jembamba, halizuii mikono wakati wa kuvuta nyavu, na hilo si jambo dogo, maana jaketi linalokera huishia kukaliwa. Lakini ndani yake kuna mtungi wa gesi unaotumika mara moja tu, na kila likifunguka lazima ununue mwingine. Aina za bei nafuu zinazojifungua zenyewe hutegemea kidonge kinachoyeyuka, na mvua kubwa au mawimbi yanayorushia maji vinaweza kulifungua ukiwa bado kazini. Sindano ya ndoana nayo hulimaliza. Nunua kama mwalo wako una mahali pa kupata mitungi. Kama hakuna, acha.

La tatu ni kizibao cha 50N. Kinamfaa anayejua kuogelea, mchana, karibu na mitumbwi mingine. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, na dhoruba za Ziwa Victoria hupenda kuibuka usiku huo huo. Jaketi kubwa la meli nimeliweka la nne, si kwa ubovu bali kwa unene: ni zuri kwa abiria aliyekaa, si kwa mvuta nyavu.

Mtumba na lebo za kubandikwa ni kazi ya kupima wewe mwenyewe. Pima kilo 15 za mawe ya kawaida ya miamba ya Mwanza, yafunge ndani ya kipande cha wavu, uyaning'inize kwenye jaketi la saizi ya mtu mzima lililoandikwa 100N, kisha uliweke kwenye kina kirefu kando ya mwalo. Jiwe likizama hupoteza zaidi ya theluthi ya uzito, hivyo mzigo wako utavuta kama kilo 9. Jaketi la kweli litalala chini sana lakini halitazama. Liache hadi asubuhi. Likiwa limezama, sponji yake inanyonya maji, nalo ni lile la kujazwa vipande vya vifungashio. (Pwani usitumie mawe ya matumbawe, yana matundu na yatakudanganya.)

Sasa kishikio. Mtu akianguka, mmoja anapiga kelele na kumnyooshea kidole bila kumwondolea macho, wa pili anarusha dumu tupu la lita 5 lililofungwa kamba, nahodha anageuza na kuzima injini kabla ya kumfikia ili panga lisimguse. Hapo ndipo mitumbwi mingi hupinduka: wote hukimbilia ubavu mmoja kumvuta, ubavu unazama, maji yanaingia. Wawili tu wavute, mmoja akishika kishikio cha shingoni na mwingine mkanda, na aliyebaki akae ubavu wa pili, chini, sakafuni. Bila kishikio mtashika nguo, na nguo iliyolowa huvuka kichwani.

Fanyeni zoezi hili mchana mara moja kabla ya kwenda nalo usiku, na majaketi mapya yavaliwe nchi kavu, vifungio vikifungwa kabla injini haijawashwa. Mkirudi, yasuuzeni na kuyaanika kivulini. Jua kali huoza kitambaa na nyuzi za mikanda.