Mzinga upi ununue ukitaka asali ya kuuza: pima viunzi kwanza

Malalamiko yanayonifikia yanafanana. Mtu amenunua mzinga mzuri, rangi safi, paa la bati, na nyuki wameingia wenyewe. Siku ya kurina anainua kiunzi kimoja, ule upau wa juu ambao sega huning'inia chini yake, na viwili vya jirani vinapanda nacho. Masega yanapasuka, asali inamwagikia majana, nyuki wanachachamaa, naye anafunga mzinga mikono mitupu. Mbao hazina kosa. Kosa ni upana wa viunzi, na huo muuzaji hakuutaja hata kidogo.

Namba moja kwangu ni KTBH, ule mzinga wenye viunzi vya juu na kuta zilizoinama, na siuonei haya upendeleo huu. Viunzi vyake hugusana, kwa hiyo ukitoa kimoja unafungua upenyo mwembamba tu. Kundi lililobaki linaendelea na kazi gizani. Kwa nyuki wakali wa Afrika hiyo ni nafuu kubwa. Tena huhitaji mashine: unakata sega, unaliminya, unachuja kwa kitambaa safi.

Sasa upana. Nyuki wa Afrika hujenga masega yaliyoachana takriban milimita 32, kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya lingine. Wale wa Ulaya huachanisha kama 35. Kiunzi kinapaswa kuwa na upana huohuo, na fundi aliyenakili ramani ya Ulaya atakuharibia mzinga wote. Beba futi. Panga viunzi 10, vibane vizuri, upime: kwa nyuki wa Afrika unatafuta sentimita 32. Tuseme umepata 34 na nusu. Kila kiunzi kimezidi milimita 2 na nusu. Ukifika cha saba, sega limeshasogea hadi kwenye maungio ya viunzi viwili. Hapo ndipo vinapogandana. Geuza kiunzi pia: chini katikati kuwe na ukingo au mstari wa nta wa kuwaongoza nyuki. Kikiwa bapa tupu, watajenga upande wanaoutaka.

Nyuki wakishaingia, chungulia baada ya wiki moja hivi. Sega changa lililopinda bado ni dogo, unaweza kulikata na kulifunga kwa uzi likae sawa. Ukingoja msimu, umechelewa.

Namba mbili ni Langstroth, mzinga wa masanduku yanayopangwa juu kwa juu, masega yakiwa ndani ya fremu. Hutoa asali nyingi zaidi kwa sababu masega hukamuliwa kwa kuzungushwa kisha hurudishwa mazima, nyuki wasijenge upya. Inakadiriwa nyuki hutumia kilo 6 hadi 8 za asali kutengeneza kilo 1 ya nta. Lakini bei ya sanduku siyo bei yenyewe. Kuna fremu, karatasi za nta, kizuizi cha malkia, na mashine ya kukamua ambayo kwa mwenye mizinga miwili haina maana, labda mnunue kwa kikundi. Nafasi kati ya fremu na ukuta iwe milimita 6 hadi 9. Ikipungua, nyuki huziba kwa gundi yao. Ikizidi, hujaza sega. Masanduku yote yatoke kwa fundi mmoja.

Mzinga wa gogo ni rahisi na hutoa asali, ila huwezi kukagua bila kuvunja masega. Kwa biashara, mimi siuchagui.

Usiamini anayekuahidi mavuno ya miezi mitatu. Mzinga unaweza kukaa mtupu kwa miezi, na kundi likishatulia, mavuno ya kwanza huchukua miezi 6 hadi mwaka, kutegemea maua. Geuza bei ya mzinga kuwa kilo za asali. Ukiwa sawa na kilo 12 na mavuno ya kwanza yakawa kilo 8, pesa yako inarudi mavuno ya pili.

Linaloniudhi kuliko yote ni wauzaji wanaopandisha bei ya mzinga kwa ahadi kwamba watanunua asali yako yote. Wakati ukifika, bei imeshuka, au ndoo inakataliwa kwa kuwa na maji mengi. Kipimo cha maji si uzushi: kiwango cha kimataifa ni kisizidi asilimia 20, la sivyo asali huchacha. Kwa hiyo vuna masega ambayo angalau robo tatu ya vyumba vyake imefunikwa kwa nta. Lakini mnunuzi wa jumla hulipa kidogo kwa kilo. Anza na majirani, kwa chupa ndogo, na uwauzie pia vipande vya sega kama vilivyo. Wanaoogopa asali iliyochanganywa na sukari huvipenda. Na huyo muuzaji mwenye ahadi, mwambie aandike bei na kiwango cha maji anachokubali kabla hujalipa. Akikataa, lipia mzinga peke yake, kwa bei ya mzinga.